Tarehe ya mwisho ni ya nani? Tunavyosoma vibaya matangazo ya ufadhili wa masomo

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa masomo ya uzamili ya mwaka mmoja, kwa miaka kadhaa ulikuwa na desturi ya kufunga maombi mwanzoni mwa Novemba. Mwaka 2023 dirisha lilifungwa tarehe 7 Novemba. Mwaka 2024 likafungwa tarehe 15 Oktoba, na mwaka 2025 likafungwa tarehe 7 Oktoba. Kila mara lalamiko nililolisikia kutoka kwa waombaji lilikuwa moja: wametupunguzia muda. Wenye hasira zaidi walisema wafadhili wanafanya hivyo makusudi ili watu wachache wafike. Lakini hesabu siku. Mwaka 2023 dirisha lilifunguliwa tarehe 12 Septemba, yaani lilikuwa wazi kwa wiki nane. Mwaka 2025 lilifunguliwa tarehe 5 Agosti, yaani lilikuwa wazi kwa wiki tisa. Muda haukupunguzwa, uliongezwa. Kilichotokea ni kwamba mlango ulisogezwa, na waliokuwa wakisubiri Novemba walikuwa wanasubiri tangazo la mwaka uliopita.

Kosa hili dogo lina mzizi mrefu. Tumezoea kusoma kichwa cha tangazo la ufadhili kama muhtasari wa ufadhili wenyewe: ngazi ya masomo, nchi, tarehe ya mwisho, sifa za muombaji, basi. Hoja yangu ni kwamba kichwa hicho si muhtasari. Ni mkusanyiko wa maneno ambayo wanafunzi huyaandika wanapotafuta, yakapangwa ili wayaone. Kila neno ndani yake linaweza kuwa la kweli, lakini lina mwenyewe, na wenyewe hao si mtu mmoja. Tarehe inaweza kuwa ya chuo, sharti la lugha likawa la idara, umri ukawa wa serikali, na uteuzi ukawa wa wizara ya nchi anakotoka muombaji. Anayesoma kichwa bila kuuliza kila neno ni la nani hudanganyika hata pale ambapo hakuna aliyemdanganya.

Tuanze na jinsi vichwa hivi vinavyozaliwa. Mwanafunzi anayetafuta haandiki jina rasmi la mpango, kwa sababu halijui. Anaandika kile anachokitaka: uzamili, Ujerumani, mwaka ujao, ufadhili kamili, bila IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Anayetunga tangazo analijua hilo, kwa hiyo anachukua waraka wa mfadhili wenye kurasa nyingi na kuuminya hadi ubaki mstari mmoja unaofanana na matamanio ya msomaji. Kuminya si dhambi. Hata gazeti hufanya hivyo. Shida ni kwamba maneno yanayodondoka wakati wa kuminya huwa ni yale yale kila mara: viunganishi vya masharti. “Isipokuwa”, “kwa kawaida”, “hadi siku ya kuomba”, “kwa kozi zilizoorodheshwa”, “kwa waliopendekezwa na”. Maneno hayo hayatafutwi na mtu, kwa hiyo hayaingii kwenye kichwa. Na katika waraka wa ufadhili, hayo ndiyo yanayoamua.

Sasa tuchukue kichwa kimoja cha kawaida, cha aina ambayo kila anayetafuta ufadhili amekwisha kukutana nayo: “Ufadhili Kamili wa Uzamili Ujerumani 2026, Bila IELTS, Nchi Zote, Uzoefu Miaka 2, Mwisho 31 Oktoba”. Tuseme kinaelekeza kwenye mpango wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, unaoitwa EPOS, ambao hufadhili kozi za uzamili, na chache za uzamivu, zinazohusiana na maendeleo katika vyuo vya Ujerumani. Mpango ni wa kweli, nchi ni ya kweli, na yumkini ipo kozi inayofunga tarehe hiyo. Lakini muombaji wa EPOS hapeleki maombi DAAD kwanza. Anayapeleka kwenye kozi, na kila kozi kati ya zilizo kwenye orodha ya mwaka huo ina tarehe yake ya mwisho. Tarehe 31 Oktoba ni ya kozi moja au mbili. Nyingine ilikwisha kufungwa Agosti. Nyingine itafungwa Novemba. Aliyeandika kichwa ilimbidi aweke tarehe moja, akaweka aliyoiona.

“Nchi zote” nayo si sahihi, kwa sababu EPOS ni kwa waombaji kutoka nchi zinazoendelea zilizomo kwenye orodha maalumu ya wapokeaji wa misaada ya maendeleo. Kwa wasomaji wengi wa makala haya hilo halitaleta tofauti. Lakini kuna sharti jingine lililojificha nyuma ya neno “nchi”: aliyekwisha kuishi Ujerumani kwa zaidi ya miezi 15 wakati wa kuomba hakubaliwi. Kwa hiyo neno “nchi” katika kichwa kimoja lina maana mbili, uraia wako na mahali ulipo sasa, na zote mbili hupimwa.

Sharti ambalo halikuingia kabisa kwenye kichwa, na ambalo ndilo huwaangusha wengi ninaowafahamu, ni umri wa cheti. Shahada ya mwisho ya muombaji wa EPOS kwa kawaida haitakiwi kuwa na zaidi ya miaka sita. Hakuna anayetafuta kwa maneno “cheti kisichozidi miaka sita”, kwa hiyo hakuna kichwa kinachoyabeba. Sharti la uzoefu wa kazi wa miaka miwili baada ya shahada ya kwanza, hilo linatafutwa, na ndiyo maana limo.

Tumchukue muombaji wa kubuni, mhandisi wa maji. Cheti chake cha shahada kina tarehe 22 Novemba 2019. Alifanya kazi ya mkataba miezi 14, akakaa bila kazi muda mrefu, kisha akaajiriwa tena tarehe 1 Februari 2025. Anaona kichwa chetu, anahesabu: mwisho 31 Oktoba 2025. Upande wa cheti yuko salama, kimetimiza miaka mitano na miezi kumi na moja. Upande wa kazi ana miezi 14 na miezi 9, jumla 23. Amepungukiwa na mwezi mmoja. Anasikitika kidogo, halafu anagundua kwamba kozi anayoitaka haifungi tarehe 31 Oktoba bali 30 Novemba. Anashangilia, kwa maana hadi tarehe hiyo atakuwa ametimiza miezi 24 kamili. Ila tarehe 30 Novemba cheti chake kitakuwa na miaka sita na siku nane. Tarehe iliyosogea mbele imempa sharti moja na kumnyang'anya jingine.

Mfano huu nimeupanga ubane makusudi, nakiri, lakini haujatoka mbali na maisha. Unaonyesha jambo ambalo kichwa hakiwezi kulionyesha: tarehe ya mwisho si mlango wa kufungia maombi tu, ni siku ambayo sifa zako nyingi hupimwa. Ukibadilisha siku, umebadilisha mtu anayepimwa. Kwa hiyo swali la kwanza la mhandisi wetu halikuwa “je, bado kuna muda?” Lilikuwa “nitakuwa nani siku hiyo?” Na kwa kuwa sharti la cheti lina neno “kwa kawaida” mbele yake, hatua yake ya pili si kukata tamaa wala kujaza fomu kwa matumaini. Ni kumwandikia mratibu wa kozi barua pepe fupi, ataje tarehe ya cheti na tarehe za kazi, aulize kama siku nane zinamwondoa. Mratibu anaweza kusema ndiyo au hapana. Ila hawezi kulijibu swali ambalo halikuulizwa.

Tumwache hapo kwa EPOS, tumpeleke kwenye Chevening, ambayo nayo hutangazwa kwa maneno yale yale: “uzoefu miaka 2”. Chevening huhesabu uzoefu kwa saa. Miaka miwili yao ni saa 2,800, zinazopatikana kwa saa 35 kwa wiki, wiki 40 kwa mwaka, mara miaka miwili. Kazi ya kujitolea na ya muda nazo huhesabika. Mhandisi aliyefanya kazi saa 40 kwa wiki hufikisha saa 2,800 baada ya wiki 70, yaani baada ya mwezi wa kumi na sita. Kwa miezi yake 22 hadi tarehe 7 Oktoba 2025 amevuka kwa mbali. Maneno mawili yanayofanana kabisa, katika vichwa viwili vinavyofanana kabisa, yanamkataa huku na kumpokea kule. Kama angehukumu kwa kichwa, angejiondoa kwenye vyote viwili mara moja, na huyu aliyejiondoa mwenyewe haonekani popote katika hesabu za waliokataliwa.

Umri wa mtu nao una tabia hii hii. Ufadhili wa serikali ya Japani unaofahamika kama MEXT hutangazwa kwa watafiti “chini ya miaka 35”. Waraka hausemi hivyo. Waraka hutaja tarehe ya kuzaliwa: kwa wanaoanza mwaka 2026, awe amezaliwa tarehe 2 Aprili 1991 au baadaye. Aliyezaliwa tarehe 10 Februari 1991 alikuwa na miaka 34 alipoliona tangazo mwezi Mei 2025. Akajihesabu yuko chini ya 35, akatafuta vyeti, akapima afya, akalipia tafsiri za kisheria. Alikwisha kuwa nje tangu mwanzo, kwa sababu kinachopimwa ni umri wake mwanzoni mwa Aprili ya mwaka wa masomo, si siku anayosoma tangazo. Hapa kuna jambo la kuwaambia watangazaji: tarehe ya kuzaliwa haichukui nafasi kubwa sana kuliko “chini ya 35”. Kuiandika kungewagharimu nini?

MEXT inafundisha pia kuhusu ngazi, ambayo ndiyo sehemu inayoonekana rahisi kuliko zote. Wengi huingia kwenye kundi la “mwanafunzi mtafiti” wakidhani tayari wamepata nafasi ya uzamili. Mwanafunzi mtafiti si mwanafunzi wa shahada. Anaweza kuanza na kipindi cha utafiti na lugha, kisha akafanya mtihani wa kuingia uzamili au uzamivu, na ufadhili ukaendelea akifaulu. Kichwa kikisema “Uzamili Japani” hakijakosea sana, ila kimeruka daraja lililopo katikati. Kiswahili chetu nacho hutuponza kidogo hapa. Tunayo maneno mazuri na yaliyo wazi, stashahada, shahada ya kwanza, uzamili, uzamivu, lakini tukifika kwenye matangazo tunaandika “masomo ya juu”, na msomaji wa stashahada na msomaji wa uzamivu wote wawili wanajiona wameitwa.

Kuhusu nchi ya masomo, nitaje Erasmus Mundus peke yake. Hutangazwa kama “uzamili Ulaya”, na msomaji huuliza nchi gani. Jibu ni kwamba kozi hizo huendeshwa kwa pamoja na vyuo vya nchi mbalimbali, na mwanafunzi hulazimika kusoma katika nchi zisizopungua mbili. Na kama ilivyo EPOS, kila kozi ina dirisha lake, mengi yakiwa kati ya Oktoba na Januari. Kuandika “Erasmus Mundus, mwisho 15 Januari” ni sawa na kusema soko linafungwa saa kumi, kwa kuwa duka moja ulilopita lilifungwa saa kumi.

Nirudi kwenye tarehe, kwa sababu ndiko wanakoumia wengi zaidi. Kuna tarehe ambazo hazitangazwi kabisa kwa kuwa hazimhusu mfadhili. Stipendium Hungaricum, ufadhili wa serikali ya Hungaria, umezoeleka kufunga maombi katikati ya Januari. Lakini muombaji hatakiwi kujaza mfumo wao tu. Anatakiwa pia kupendekezwa na taasisi mshirika ya nchi yake, ambayo mara nyingi ni wizara au wakala wa elimu, na taasisi hiyo inaweza kuweka tarehe yake yenyewe na kudai karatasi zake yenyewe. Asiyependekezwa hazingatiwi, hata fomu yake iwe imekamilika namna gani. Kwa hiyo yuko mtu anayewasilisha maombi siku tatu kabla ya tarehe iliyo kwenye kichwa, akalala usingizi mzuri, na kumbe nafasi yake ilikwisha kufungwa nyumbani wiki kadhaa nyuma, katika ofisi ambayo hakujua inahusika. Ukimwuliza atasema aliwahi. Kwa kichwa alichosoma, kweli aliwahi.

Chevening ina tarehe ya nyuma pia, ile inayokuja baada ya kufurahi. Anayeomba hutaja kozi tatu, lakini Chevening haimwombei udahili. Yeye mwenyewe huviandikia vyuo, na hadi tarehe iliyowekwa, ambayo huwa Julai, awe na barua ya kukubaliwa isiyo na masharti kutoka angalau chuo kimoja kati ya vile. Na hapa ndipo “bila IELTS” hurudi kudai chake. Ni kweli kwamba Chevening yenyewe haidai tena cheti cha Kiingereza ili uombe. Chuo kinadai. Barua yenye sharti la cheti cha lugha ni barua yenye masharti, na barua yenye masharti haitoshi. Kwa hiyo kichwa “Chevening bila IELTS” ni kweli mwezi Oktoba na si kweli mwezi Julai. Vyuo vingine hukubali uthibitisho kwamba shahada ya kwanza ilifundishwa kwa Kiingereza, vingine havikubali, na vipo vinavyokubali kwa raia wa nchi fulani tu. Matokeo ya IELTS hutazamwa kama halali kwa miaka miwili, basi hata aliyekwisha kuufanya mtihani ana tarehe ya kuiangalia.

Kisha kuna saa. Hili nalisema kwa aibu, kwa kuwa liliwahi kunikuta. Tangazo lilisema maombi yanafungwa 12:00 UTC. Nikalisoma kwa saa zetu: saa kumi na mbili, jioni hiyo, bado nina mchana mzima wa kusahihisha barua. 12:00 UTC ni saa sita mchana kwa saa za dunia, na kwa anayeishi eneo lililotangulia UTC kwa saa tatu ni saa tisa alasiri. Nilipofungua mfumo saa kumi na nusu, nilikuta ukurasa unanishukuru kwa kupendezwa na mpango wao. Kiswahili kina hesabu yake ya saa, inayoanza asubuhi jua linapochomoza, na tarakimu za kwenye tangazo zina hesabu nyingine. Mfasiri wa tangazo anapoacha “12:00” bila kuandika mchana, usiku, wala saa za wapi, amemwekea msomaji wa Kiswahili mtego ambao msomaji wa lugha nyingine huenda asiuone. Wakati mwingine tofauti hukunufaisha: 23:59 kwa saa za Ulaya ya Kati wakati wa baridi ni karibu saa nane usiku wa kuamkia siku inayofuata kwa huyo huyo anayetangulia UTC kwa saa tatu. Lakini sijaona mtu aliyeponea kwenye saa hizo mbili za ziada. Mifumo huzidiwa usiku huo.

Sasa tupime hoja za pande zote. Upande wa kwanza husema watangazaji ni matapeli: wanaandika “ufadhili kamili” na “nchi zote” ili wavute macho, na watu maskini wanapoteza fedha za vyeti na tafsiri. Hoja hii ina uzito. Matapeli wapo kweli, na dalili yao ya wazi ni kudai malipo ya “kushughulikia maombi” kwa mpango ambao mfadhili wake hatozi chochote. Lakini ukiweka hao pembeni, matangazo mengi ninayoyaona hayajabuni kitu. Yamechukua neno la kweli na kulitoa mahali pake. Tofauti hii ina maana kwa msomaji, kwa sababu dawa ya uongo ni kuukimbia, na dawa ya neno lililotolewa mahali pake ni kulirudisha. Anayekimbia kila tangazo lenye kasoro atakimbia ufadhili wa kweli pia.

Upande wa pili husema kosa ni la mwanafunzi, asome waraka, acheni kumdekeza. Hawa nawaelewa, na nusu ya makala haya iko upande wao. Hata hivyo wanasahau kwamba waraka wenyewe mara nyingi uko kwa lugha ya tatu au ya nne ya msomaji, kwamba masharti yamegawanywa kati ya mfadhili, chuo na ubalozi, na kwamba hakuna hati moja inayoyakusanya. Kumwambia mtu “soma waraka” wakati nyaraka ni tatu na mbili hazijatajwa ni kumwambia nusu ya ukweli.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya tatu, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa: kwamba suluhisho ni kuweka kila sharti kwenye kichwa, ili pasiwe na kisingizio. Jaribu. Chukua EPOS, andika ngazi, nchi ya masomo, orodha ya nchi za waombaji, umri wa cheti, uzoefu na jinsi unavyohesabiwa, muda wa kuishi Ujerumani, lugha kwa kila kozi na tarehe kwa kila kozi. Kichwa hicho kitakuwa kirefu kuliko tangazo, na hakuna atakayekiona, kwa sababu hakifanani na chochote ambacho mtu angeandika anapotafuta. Zaidi ya hapo, kitakuwa na makosa mengi zaidi, si machache, kwa kuwa kila sharti lililonakiliwa ni sharti linaloweza kupitwa na wakati. Chevening ilisogeza tarehe miaka miwili mfululizo. Tangazo lenye mambo kumi na mawili ya kusasisha halitasasishwa hata moja. Kichwa kifupi kinachojulikana kuwa ni kifupi kina heri kuliko kirefu kinachojifanya kamili.

Kinachowezekana ni kidogo na kina faida. Kichwa kibaki na maneno ya watafutaji, ngazi kwa jina lake halisi, nchi ya masomo, jina la mpango na mwaka wa kuanza. Tarehe iingie kwenye kichwa pale tu ambapo mpango mzima una tarehe moja. Kama kila kozi ina yake, neno sahihi ni “tarehe hutofautiana kwa kozi”, hata kama halipendezi. Kazi nyingine yote ni ya maelezo mafupi yanayofuata kichwa, na hayo nayo hayahitaji zaidi ya sentensi nne au tano. Yaseme tarehe ni ya nani na ni saa za wapi. Yaseme kama muombaji lazima apendekezwe na mtu mwingine kabla ya tarehe hiyo. Yataje sharti moja linalowaondoa wengi, ambalo kwa kawaida ndilo lisilotafutwa. Na yaseme yalithibitishwa lini dhidi ya waraka wa mfadhili.

Kwa mpango wetu wa Ujerumani, maelezo hayo yangesomeka hivi: “Uzamili Ujerumani, DAAD EPOS, kwa wanaoanza 2026. Maombi hupelekwa kwa kozi yenyewe, na kila kozi ina tarehe yake kuanzia Agosti. Ni kwa waombaji kutoka nchi zinazoendelea zilizo kwenye orodha ya mpango. Siku ya kuomba uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili kamili baada ya shahada ya kwanza, na shahada yako ya mwisho kwa kawaida isiwe na zaidi ya miaka sita. Cheti cha lugha hutegemea kozi.” Ni maneno yasiyozidi 70. Hayana “bila IELTS” wala “nchi zote”, kwa hiyo yatavutia macho machache zaidi, na hilo ndilo watangazaji wengi hawatalikubali. Sitawalaumu sana. Anayelipwa kwa macho huandikia macho.

Basi msomaji atabaki na vichwa vya zamani kwa muda mrefu bado, na itambidi ajifunze kuvivua. Mimi hutumia karatasi moja yenye mistari minne: ngazi, nchi, tarehe, sifa. Mbele ya kila mstari siandiki jibu kwanza, naandika mwenye sharti hilo: mfadhili, chuo, ubalozi, wizara. Penye majina mawili, kama vile sifa ya lugha inayodaiwa na chuo na isiyodaiwa na mfadhili, naandika yote mawili na kuacha nafasi ya tarehe mbili. Kisha nachukua tarehe iliyo ya mapema kuliko zote na kujipima kwayo: cheti kitakuwa na miaka mingapi, kazi miezi mingapi au saa ngapi, mimi mwenyewe nitakuwa na umri gani siku inayotajwa na waraka. Mhandisi wetu angefanya hivyo mwezi Juni angeliona pengo lake la mwezi mmoja mapema, na angekuwa na muda wa kutafuta barua ya kuthibitisha kazi nyingine yoyote aliyoifanya katika kile kipindi alichokiita “bila kazi”. Mara nyingi ipo. Mtu alisimamia kisima cha jirani kwa miezi mitatu kwa mkataba wa mdomo, hakuona kama ni kazi, na aliyemwajiri bado yupo na anaweza kutia saini.